Kabla hujamlipa mwenye fremu: kodi ya zuio kwenye pango

Biashara inayolipa pango la jengo Tanzania inamkata mwenye nyumba mkazi asilimia 10 na kuipeleka TRA. Akiwa si mkazi, asilimia 15. Zuio linahesabiwa juu ya pango kabla ya VAT.

Cha kumaliza kabla ya kusaini mkataba ni swali moja: je, kiasi mlichokubaliana kina zuio ndani yake? Kariakoo hapa, fremu ya milioni 2 kwa mwezi huombwa miezi sita mkupuo, milioni 12. Ikiwa zuio limo ndani, unakata 1,200,000 na mwenye fremu anapokea 10,800,000. Shida inaanza pale anaposema, "Mimi nataka milioni 12 yangu kamili, kodi utajua mwenyewe." Wengi hapo huongeza asilimia 10 juu, wakapeleka 1,200,000. Hesabu hiyo imepungua. Milioni 12 sasa ni asilimia 90 ya pango, kwa hiyo gawanya kwa 0.9: pango halisi ni 13,333,333 na zuio ni 1,333,333. Pengo la 133,333 litadaiwa kwako, kwani asiyekata hulipa kutoka mfukoni mwake. Mkataba basi uandike pango ghafi, na useme wazi kwamba zuio litakatwa humo.

Kingine ni TIN ya mwenye jengo. Pesa mara nyingi hupokelewa na msimamizi au dalali. Ukijaza TIN yake, kodi inasomeka kwake na mwenye mali hana cha kudai. Jina kwenye mkataba na jina la TIN viwe vya mtu yuleyule. Hakikisha hilo kabla hujatoa hela, maana kurekebisha baadaye ni usumbufu.

Zuio linakatwa siku ya malipo, na kwa mkupuo wote. Ukilipa miezi sita tarehe 15 Machi, kodi yote iwe imefika TRA ifikapo tarehe 7 Aprili. Usiigawe mwezi kwa mwezi. Kisha mpe mwenye fremu cheti cha kodi ya zuio.

Cheti hicho kwake ni pesa. Tuseme mwenye fremu ni kampuni, imepata pango la milioni 24 kwa mwaka na kukatwa 2,400,000. Baada ya gharama, faida ni milioni 10, na kodi ya asilimia 30 ni milioni 3. Inatoa iliyokwisha kukatwa, inabaki 600,000 ya kulipa. Ila lazima iandike mapato ya milioni 24, si 21,600,000 iliyoingia benki. Ikiandika kilichoingia benki na bado ikadai 2,400,000, imepunguza mapato yake, na vyeti vya wapangaji ndivyo vitakavyoionyesha tofauti hiyo.