Kibanda cha uwakala kwenye wasifu wako wa kazi

Kama ulisoma chuo huku ukifanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu, usiandike tu "Wakala, saa 20 kwa wiki". Andika ulichoaminiwa nacho. Kwa mfano: "Nilisimamia floti na fedha taslimu, jumla shilingi milioni 2. Kila jioni nilijumlisha salio la simu na pesa za kwenye droo kuona kama zinalingana na jumla hiyo. Zisipolingana, nilipitia ujumbe wa miamala mmoja mmoja kabla ya kufunga." Anayetafuta karani wa benki au mhasibu msaidizi ataielewa mara moja. Kama uliachiwa funguo, litaje hilo pia. Halafu mwombe mwenye kibanda awe mdhamini wako na umsomee ulichoandika, maana huenda akapigiwa simu, na kiasi akitaja kingine utatiliwa shaka.