Badilisha ombi, si habari ya kupoteza kazi

Tangazo la kupoteza kazi husikika kama kilio pale mwandishi anapoandika kwamba yuko tayari kwa kazi yoyote, kwa sababu msomaji mwenye nia ya kusaidia hajui amkumbuke kwa nafasi ipi. Tuseme mhasibu ameandika: "Nimeachishwa kazi, hali ni ngumu, nisaidieni kwa lolote." Habari ya kuachishwa ibaki, ila katika sentensi moja isiyo na lawama, kisha zifuate kazi alizozifanya na ombi linaloweza kujibiwa:

"Nafasi yangu iliondolewa mwezi uliopita kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Kwa miaka 6 nimeandaa mishahara ya watu 80 na kufunga hesabu za kila mwezi. Natafuta nafasi ya uhasibu katika kampuni ya ujenzi au usambazaji. Ukimfahamu msimamizi wa fedha katika sekta hizo, naomba unitambulishe kwake."

Kumtambulisha mtu ni jambo dogo kuliko kumtafutia kazi, hivyo hata asiye na nafasi ya kutoa anaweza kulijibu ombi hili. Madeni na kodi ya nyumba (ambayo ni kweli, na yanauma) yaelezwe faraghani kwa watu wa karibu.