SOMO: VPS, platifomu au sevalesi? Tuamue kwa app ya oda za gesi

Wakuu habari za saa hizi. Tuchukue mfano mmoja tu: vijana watatu, app ya oda za gesi, Django na Postgres, mteja anatuma picha ya geti lake ili bodaboda asipotee, analipa kwa M-Pesa.

Hatua ya 1: nani ataamka saa nane usiku?
VPS, yaani seva ya kukodi unayoiendesha mwenyewe, ni bei chee ila apdeti, bakapu, ulinzi, vyote juu yako. Ukichukua ya RAM giga 1 ukabana Django na Postgres humohumo, siku oda zikifurika memori inaisha, Linux inaanza kuua proses, inaweza kuwa Postgres yenyewe, app inatema 500 na wewe unakesha unakagua kodi. Angalia kwanza hapa:

```
journalctl -k | grep -i "out of memory"
```

Mstari ukitoka, memori ndiyo iliisha, usikimbilie kulaumu kodi.

Hatua ya 2: hesabu milango ya databesi
Sevalesi, yaani unapeleka fankisheni tu na seva wanatunza wao, ni tamu, fankisheni isipoitwa hulipi. Shida ni kwamba kila nakala yake inayoamka inafungua koneksheni yake Postgres, na Postgres usipoigusa setingi inaruhusu 100 tu. Sasa saa 12 jioni kila mtu gesi imemkatikia, zinaamka nakala 150 kwa mpigo:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Dawa ni PgBouncer katikati, inayofanya nakala nyingi zitumie koneksheni chache kwa zamu, ila hiyo nayo inataka mtu wa kuitunza, na ulikuja huku ukikimbia kutunza vitu 😅

Hatua ya 3: platifomu
Render, Heroku na wenzao. Una `git push`, wao wanajenga, HTTPS unaikuta. Hawa vijana mi nawaweka hapa bila kufikiria mara mbili. Ila diski ya pale kwa kawaida ni ya muda, ukipush tena picha za mageti zote kwisha, kwa hiyo zipeleke S3 au stoo kama hiyo tangu siku ya kwanza.

MASWALI

*Mkuu niko Render ya bure, malipo mengine ya M-Pesa hayaingii, pesa imekatwa kabisa.*
App ya bure inalala ikikaa dakika 15 bila mgeni. Majibu ya Safaricom yakifika imelala, yanaweza kupotea wakati inajivuta kuamka. Lipia plani isiyolala, halafu oda ikikaa "inasubiri" dakika mbili iulize Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, kwa STK Push Query, usimwambie mteja hajalipa kabla ya hapo.

*Lambda, ile sevalesi ya AWS, si bure lakini?*
Ombi milioni 1 kwa mwezi ndo bure. Databesi haimo humo, na kwa app hii bili iko huko.

*Mi Linux naijua vizuri, bado nisichukue VPS?*
Chukua, ila Postgres iweke kwingine, na bakapu ya `pg_dump` isikae seva hiyohiyo.