Kabla hujamlambisha mtoto asali

Uliza umri kwanza. Kama hajatimiza mwaka mmoja, funga chupa uirudishe kabatini. Hakuna cha "kuonja tu", wala kuipaka kwenye chuchu bandia.

Usitegemee kwamba asali yako ni safi. Ya Tabora iliyorinwa jana na ya dukani yenye nembo ni sawa katika hili. Zote zinaweza kuwa na spora za botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli. Spora ni bakteria waliojifunga gamba gumu wakalala. Wanatoka kwenye udongo na vumbi. Ndani ya asali hawaoti kwa kuwa maji ni machache, lakini hawafi. Kuichemsha hakusaidii: kuua spora hizo kunahitaji joto la takriban nyuzi 121 chini ya mgandamizo, kama viwanda vya vyakula vya makopo vinavyofanya.

Mtoto wa miaka mitatu humeza spora hizohizo na zikapita zake, kwa sababu utumbo wake umejaa bakteria wenyeji wanaozinyima nafasi. Utumbo wa kichanga ni kama shamba lililolimwa lakini halijapandwa: magugu yakifika, yanaota. Spora zikiota humo hutengeneza sumu, na sumu hiyo huzuia neva kuiamrisha misuli.

Sasa zijue dalili, maana hapa ndipo jirani yangu alipoponea chupuchupu. Mwanawe wa miezi mitatu alikuwa na kikohozi, bibi yake akamlambisha asali na ndimu jioni kadhaa. Baada ya kama wiki moja choo kikakata. Wakasema ni gesi. Kisha kunyonya kukalegea, maziwa yakawa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Kilio kikawa chembamba, kope zikashuka, na watu wakamsifu kwamba siku hizi ametulia. Hakuwa na homa, na hilo ndilo lililowapumbaza wote. Mama alipomwinua akaona shingo haishiki kabisa, ndipo wakakimbilia hospitali. Daktari aliuliza, "Amekula asali?" Bibi akanyamaza, kisha akasema ndiyo. Mtoto alikaa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia, mpaka miisho ya neva ilipoota upya. Alipona.

Kwa hiyo choo kikikata, halafu kunyonya, kilio na shingo vikalegea, nenda siku hiyohiyo, hata kama hana homa. Taja asali kabla hajachomwa sindano yoyote, kwa sababu antibiotiki iitwayo jentamaisini inaweza kuzidisha ulegevu huo.

Mama anayenyonyesha anaweza kula asali bila wasiwasi, spora hazipiti kwenye maziwa. Soma viungo vya dawa za kikohozi za kienyeji, nyingi zina asali. Mwambie bibi, mwambie yaya, mwambie na shangazi anayekuja na zawadi. Na usimpe kichanga chochote cha kulamba kabla hujajua kilichomo.