Meseji zako zimezidi za mwenzio? Namna ya kwenda nae sawa kwa urefu na kasi

Mwongozo huu ni kwa mtu alieshapata namba, salamu zimeshaitikiwa, mazungumzo yapo ila ni yale ya wiki mbili tatu za mwanzo, kila mmoja bado anamsoma mwenziwe. Mie watu huniletea simu zao tukakaa tukasoma chati pamoja, wengi wao wana nia ya posa kabisa, na kinachoharibu mara nyingi sio maneno mabaya. Mmoja anaandika mengi tena haraka, mwenziwe anaandika machache tena taratibu, hakuna anaesema kitu, mpaka siku yule wa taratibu ananyamaza moja kwa moja.

Natumia chati moja ya kweli, mwenyewe karidhia na nimebadilisha vitu kidogo wasijulikane. Kijana yuko Wete, Pemba, anauza vifaa vya simu. Dada ni mwalimu huku Mjini Unguja, skuli yao ina zamu mbili na yeye anasomesha zamu ya asubuhi.

Hatua ya 1: Panda juu usome umbo la chati

Kabla hujaandika chochote rudi nyuma siku nne tano. Maneno yaache kwanza, tazama umbo tu. Kwenye WhatsApp zako zipo kulia kwa kijani, zake kushoto. Tazama meseji zake za kawaida zina mistari mingapi, anajibu saa ngapi, nani anaanza siku, na je na yeye anakuuliza kitu au anajibu tu. Hivi ndo ilivyokuwa asubuhi moja ya kijana wetu:

Saa 1:05 asubuhi: "Asalam alaykum mwalimu, umeamkaje"
Saa 1:06: "Mie nimeamka salama alhamdulillah, huku mvua usiku kucha"
Saa 1:20: meseji ya mistari tisa kuhusu vitabu, ndani yake masuala matatu
Saa 3:40: "Upo?"
Saa 5:15: "Naona leo uko bize"

Dada kajibu saa 7:50 mchana: "Waalaykum salaam. Nimeamka salama, nlikuwa darasani. Mie hupenda hadithi zaidi. Mvua bado huko?"

Kijana kaja kwangu akaniambia dada yangu, huyu mwalimu hanitaki, nimeandika yote yale kanijibu mstari mmoja na nusu. Mie nikamwambia soma tena. Kaitikia salamu, kasema alipokuwa bila ya kuulizwa, kajibu suala la vitabu, halafu kauliza la kwake. Hiyo ni meseji ya mtu anaetaka kuendelea kuzungumza, tena kakwambia na kipimo chake: meseji moja, sentensi fupi fupi, baada ya kazi.

Hatua ya 2: Tenganisha ratiba na hamu

Hapa ndo watu wengi wanapopotea. Kuchelewa peke yake hakukwambii kitu. Kuchelewa kwa ratiba kunafanana kila siku, na mtu akirudi anajibu kweli, anagusa ulichosema na anakuachia pa kushika. Kuchelewa kwa kukosa hamu hakuna mpango, leo dakika tano kesho siku mbili, na akirudi ni "sawa", "haha", kiemoji, basi, suala lako halikujibiwa na la kwake hana. Ukiona hivyo siku moja isikushughulishe, mtu anaweza kuwa kachoka. Ukiona wiki nzima, ndo jibu lenyewe.

Tiki za buluu usizitegemee. Zipo tangu 2014 lakini mtu anaweza kuzizima, kwa hiyo tiki za kijivu si ushahidi kwamba hajasoma, na kumuona onlaini hakumaanishi kafungua chati yako. Meseji ya sauti ndo tofauti, ile ukiisikiliza alieituma ataona hata kama tiki umezizima. Halafu kuna mambo ya kwetu, bando limekwisha, yuko kwenye boti baina ya Unguja na Pemba netiweki imekata, na Ramadhani ndo saa zote zinageuka, mtu aliezoea kujibu magharibi sasa utampata baada ya tarawehe. Ratiba ikigeuka hesabu zako anza upya.

Hatua ya 3: Punguza idadi kwanza, mistari baadae

Kinachomchosha mtu zaidi ni idadi ya meseji kuliko urefu wake, kwa sababu kila moja inalia peke yake, na mwalimu akitoka darasani akakuta tano za mtu mmoja anahisi ana deni la majibu matano. Kwa hiyo jambo la kwanza unganisha: salamu, habari, suala, yote meseji moja. Baada ya hapo ndo urefu, yeye akiandika mistari miwili wewe andika miwili au mitatu, na suala liwe moja. Masuala matatu ndani ya meseji moja atajibu moja tu, mawili yatakufa na wewe utadhani kayakwepa.

Asubuhi ile ile tukaiandika upya hivi:

"Asalam alaykum mwalimu. Huku mvua usiku kucha, hata duka nimechelewa kufungua. Ukipumzika niambie, unapenda vitabu vya aina gani?"

Halafu simu chini. Yale ya mistari tisa yasingepotea, kijana angeyatoa usiku kidogo kidogo, dada akiwa anajibu mwenyewe papo kwa papo.

Ukiwa na kisa kirefu kweli muulize kwanza, "nina kisa kirefu kidogo, nikutumie voisi au nikupigie ukitulia?" Voisi ya dakika nne urefu wake unaonekana kabla haijafunguliwa, na mtu alie ofisini na wenziwe hawezi kuifungua, ataiacha, ataisahau, na wewe utaumia bure. Dakika moja inatosha kwa mtu ambae bado hamjazoeana.

Kwenda sawa sio kumuiga. Usichukue emoji zake wala vifupisho vyake, ukiandika "xaxa" kwa sababu yeye anaandika hivyo atagundua. Molly Ireland, James Pennebaker na wenzao walitoa utafiti 2011 kuhusu watu wanaokutana kwa mara ya kwanza na wapenzi wanaochati, wakaona wale ambao mtindo wao wa lugha unafanana, yale maneno madogo madogo ya viunganishi na viwakilishi, walielekea zaidi kuvutiwa pande zote mbili, na wapenzi kubaki pamoja. Vineno vile mtu havipangi. Wewe panga ukubwa na wakati tu.

Hatua ya 4: Kasi ifuate hali yake, sio saa

Kuna watu wakisikia "nenda nae sawa" wanaanza kuhesabu, kachukua masaa mawili basi na mie masaa mawili. Usifanye hivyo. Yeye kachelewa kwa sababu yuko darasani, wewe ukichelewesha makusudi basi jibu lako linamkuta kashalala na mazungumzo ya siku yamekwisha kwa kusubiriana. Ukipata nafasi jibu. Cha kufuata ni hali: akiwa anajibu dakika kwa dakika baada ya Isha na wewe kuwepo, akipunguza na wewe punguza, akisema "ngoja nile" usiendelee kuandika, akirudi atakukuta.

Meseji ya pili kabla hajajibu ya kwanza usitume, ila iwe ya kusahihisha kitu au ina wakati wake, mfano umemuahidi utampokea bandarini na sasa umekwama njiani. Zile "Upo?", "Mbona kimya?", "Naona leo uko bize" zote ni lawama hata ukizivisha upole, na mtu ambae hajawa wako huna cha kumlaumu. Siku nzima ikipita kimya, kesho yake tuma moja yenye jambo jipya kabisa bila ya kuitaja ile ya jana. Na hiyo ikipita, moja tena baada ya siku kadhaa. Baada ya hapo acha, namba yako anayo.

Hatua ya 5: Tangulia hatua moja utazame

Mkienda sawa sawa tu kila siku, chati inaanza kusinyaa, wewe unampunguzia yeye anakupunguzia, mwisho "poa" kwa "poa". Dalili yake ni kwamba hakuna tena anaeuliza kitu. Lazima mmoja aongeze, anza wewe, lakini kidogo.

Kijana wetu baada ya kama wiki alituma picha ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi nje kwa bibi yake, na mistari minne juu ya siku alizokuwa mdogo akichambua karafuu skuli zikifungwa. Kawaida yao ilikuwa miwili. Mwisho kauliza moja, "weye likizo ulikuwa ukizimalizia wapi?" Usiku dada kajibu mistari sita, kahadithia kwa shangazi yake Makunduchi, akaongeza na picha ya zamani. Hapo kipimo kimepanda na yeye ndie aliepandisha, basi mitano sita ikawa sawa kuanzia siku ile. Lau angejibu "haha raha hiyo" tungerudi kwenye miwili bila ya kununa, na tungejaribu siku nyengine kwa kitu chengine.

Pale ambapo usipime

Akikwambia kafiwa, anaumwa au kafukuzwa kazi, hapo hapana mistari wala saa, jibu mara moja, na ikiwa mumefika pa kupigiana simu basi piga. Na akikuuliza suala zito, "nia yako hasa ni nini?", hata kama kaliandika kwa maneno manne wewe jibu kamili, kwa sababu jibu fupi kwenye suala lile linasomeka kama kukwepa.

Ikiwa wewe ndo yule wa taratibu na unajaziwa meseji, usimkate kimya kimya kwa kumjibu kila baada ya siku mbili, hajui kosa lake. Mwambie: "Mie mchana sishiki simu, niandikie usiku ndo nakusoma vizuri." Wengi wanashukuru kuambiwa.

Na kuna jambo litakukuta ukiwa umezoea kuandika sana na ghafla umepunguza. Atauliza. Dada kamuuliza siku ya tatu tu, "mbona siku hizi huandiki kama mwanzo?", na kijana akanipigia mbio anataka nimtungie jibu. Nilimwambia usizuge, mwambie ilivyo. Kaandika mwenyewe: "Nliona nakujazia simu nawe uko darasani, nikaona nikuandikie ukiwa na nafasi. Ukitaka niandike zaidi niambie, mie napenda kukuandikia."

Dada kajibu: "Usiku andika utakavyo. Asubuhi salamu inatosha."