Kabla sijalichora jina lako: namna ya kupima jina la biashara kwa Kiswahili na kwa Kiingereza

Nachora mabango na kuchapa stika hapa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari. Wateja wengi wanaokuja kwangu wamekwisha kuchagua jina, na wengine wamekwisha kulilipia. Hapo ndipo ninapolazimika kuuliza, kwa adabu, kama kuna mtu aliyewahi kulisoma kwa sauti mbele yao.

Swali hilo nilifundishwa na herufi moja. Nilibandika herufi za stika kwenye kibanda cha juisi Kongowea, jina lake "Kunywa Poa". Jua la kaskazi na chumvi ya bahari vikafanya kazi yao, na herufi ya kwanza kubanduka ikawa W. Mwenye kibanda alipigiwa simu na jirani. Nilipofika, watoto wa shule walikuwa wamejipanga mbele ya kibanda wakipiga picha, nami nikapanda ngazi nikijifanya sisikii. Tangu siku ile sichori jina kabla ya kulipima. Njia ninayotumia nitaieleza kwa kisa cha mama mmoja wa Majengo, anayepika mabuyu, achari na kachiri, na aliyetaka kuzipeleka kwenye hoteli za Nyali na maduka makubwa.

Alikuja na karatasi yenye majina manne: Tamu Mate, Pipi za Pwani, Tembo Mabuyu, na la mwisho, aliloliandika kwa haya pembeni, Kidoko.

Hatua ya 1: Liandike jina vibaya

Chukua karatasi uandike jina kwa herufi kubwa, kisha liandike kwa kila namna litakavyoharibika: bila nafasi kati ya maneno, likikatwa mistari miwili, likifupishwa kwa herufi za mwanzo, likipungukiwa herufi moja moja.

Bila nafasi ndiko kuna hatari kubwa, kwa sababu anwani ya tovuti haina nafasi, heshitegi haina, na mara nyingi hata jina la ukurasa wa Instagram halina. Mfano ninaopenda kuwaonyesha wateja ni mkahawa wa kuku. "Kuku Masala" ni jina safi kabisa, linaeleweka vizuri kwa Kiswahili. Sasa liunganishe:

```
kukumasala.co.ke
```

Soma kuanzia herufi ya tatu hadi ya sita. Mimi hilo neno siliandiki peke yake, lakini jicho la Mswahili linaliona kabla halijaona kuku. Tatizo liko hivi: neno linaloishia "ku" likifuatwa na linaloanza na "ma", tusi la nguoni limejitengeneza lenyewe. Ukigeuza mpangilio, "Masala Kuku", shida imekwisha.

Angalia pia alama ya juu katika ng'. Anwani ya tovuti haiipokei, kwa hiyo "Ng'ara" itaandikwa "ngara" na watu wataisoma kama mtaa wa Nairobi.

Katika hatua hii waangukao zaidi ni wale wanaounganisha majina ya watoto. Mtoto wa kwanza Mary, wa pili Vincent, saluni inaitwa Mavi. Salim na Nadia, ukipunguza herufi kidogo tu, unapata Sanda, na hakuna bibi harusi atakayetaka kupambwa mahali penye jina la nguo ya maiti. Mzazi haoni, kwa sababu yeye anasikia majina ya wanawe tu.

Hatua ya 2: Kiingereza kisomwe na Mswahili

Mswahili husoma kila irabu anayoiona. Hilo ndilo linaloyaangusha majina ya Kiingereza huku kwetu.

"Tamu Mate" lilitungwa na mpwa wake yule mama, kijana anayefanya kazi hotelini. Kwa Kiingereza, mate ni rafiki, mwenzi, hutamkwa "meit". Kijana alikuwa anasikia "rafiki mtamu". Nilimpa mama simu yangu, jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, nikamwambia asome kama bango la barabarani. Akasoma: "Tamu, mate." Akanyamaza. Kisha akacheka mpaka akashika kiti.

"Lakini mwanangu, mabuyu si yanatoa mate?"

"Yanatoa, mama. Lakini mteja hataki kuyaona kwenye pakiti."

Kuna majina ambayo maandishi yake ni salama na sauti yake ndiyo mbaya. Chakula cha Meksiko kiitwacho taco kinaandikwa kwa C, kwa hiyo macho hayashtuki. Lakini jina la biashara halikai kwenye bango tu. Linatajwa kwa makanga wa matatu, linaagizwa kwa simu, linasomwa redioni. Ukisema "nishushe kwa Taco", gari zima litageuka. Ndiyo maana kipimo cha pili ni simu: mpigie mtu, mtajie jina mara moja tu, halafu mwambie akuandikie kwa ujumbe. Alichoandika ndicho wateja watakachokitafuta mtandaoni.

Hatua ya 3: Kiswahili kisomwe na mgeni

Sasa geuza. Msomaji wa Kiingereza hula irabu ya mwisho, hasa E. "Pole" kwake ni mti mrefu, mlingoti. "Tende" huenda akaisoma "tend". Jina linaloanza na konsonanti mbili, kama Mb, Nd au Ng, humfanya asite, au aongeze sauti yake mwenyewe mwanzoni, "em-buyu". Hilo si kosa la kuua jina. Ni la kujua tu, ikiwa mauzo yako yanategemea mgeni kuliuliza jina hilo kwenye kaunta.

Kinachoua jina ni maana. "Pipi za Pwani" sisi tunaona mtoto na kipande cha sukari. Mwingereza anasikia neno la watoto la mkojo. Ubaya wenyewe ni kwamba Mjerumani anasikia hilohilo, na Mwitaliano pia, na hao ndio wageni wanaojaa hoteli za ufuo wetu. Vivyo hivyo "Kaka": kwetu ni ndugu wa heshima, lakini kwa Mjerumani na Mwitaliano liko karibu mno na neno la kitoto la choo kikubwa. Na mtu wa Pemba anayeitwa Faki, jina zuri la ukoo na ukoo, ajue kwamba akiandika "Faki Tours" kwenye gari, wageni watapiga picha ya gari kabla ya simba.

Usiulize Mkenya anayejua Kiingereza vizuri. Sikio lake limezoea Kiswahili, hatashtuka. Tafuta mtu asiyejua Kiswahili. Mpwa wa mama alilipeleka jina kwa wageni wawili pale mapokezi, akawaomba wasome tu. Alirudi na jibu siku hiyohiyo, na pipi zikafutwa.

Hatua ya 4: Peleka jina barazani

Kiswahili cha kitabu na cha Mombasa havifanani kila mahali. "Tembo Mabuyu" mama alilipenda kwa sababu alitaka picha ya zile pembe za Moi Avenue kwenye pakiti. Shuleni tembo ni mnyama. Lakini kwa wazee wa Mji wa Kale mnyama ni ndovu, na tembo ni kile kinachogemwa mnazini. Mama mwenyewe, Mmvita, alijua vizuri. Alidhani vijana wamesahau. Mimi nilimuuliza pakiti hii itauzwa wapi mwezi wa Ramadhani, naye akalifuta mwenyewe. Nilimpa "Ndovu" kama mbadala kisha nikajirudi, kwa kuwa Tanzania hilo ni jina la bia.

Tulifikiria pia "Mbuyu" peke yake. Mti una fahari yake, lakini pwani mbuyu una wenyewe usiku, na "kuzunguka mbuyu" ni kutoa hongo. Mtu wa bara huenda asijali lolote kati ya hayo. Mtu wa Likoni atajali.

Ukiuliza watu, usiwaulize "jina hili zuri?" Watakuambia zuri, kwa sababu wana adabu. Uliza: "Ukiona jina hili, unadhani wanauza nini?" Halafu: "Mtu mwenye utani mbaya angeligeuzaje?" Watu watano wanatosha ikiwa hawafanani. Mzee mmoja, kijana wa shule ya upili, mtu wa bara, mtu wa kaya za Wamijikenda, na fundi au makanga yeyote. Huyo wa mwisho usimwache, maana utani wote wa mji huu unapita kwenye matatu. Kwa mfano, "Utamu wa Pwani" lilipita kwa wazee wote. Kijana wa shule akalisoma, akatazama chini, akacheka. Hatukumuuliza zaidi.

Likabaki Kidoko, ile sauti ya ulimi ukiachana na kaakaa unapoonja kitu chenye ukali. Mgeni alilisoma "kid-oko", na kid kwa Kiingereza ni mtoto, au mwanambuzi; hamna neno. Mzee mmoja pale Majengo akatukumbusha kwamba mtu hupiga kidoko hata kwa dharau. Tulilijadili hilo jioni nzima. Mwisho mama alisema mwenye dharau hanunui mabuyu, na tukachora ulimi mwekundu pembeni ili maana iwe moja.

Hatua ya 5: Litafute kabla hujachapa

Hapa ni haraka. Ingia eCitizen, upande wa Business Registration Service, utafute jina. Peleka majina kadhaa kwa mpangilio unaoupenda, kwa sababu likifanana sana na lililopo litakataliwa. Hakikisha anwani ya .co.ke iko wazi siku hiyohiyo.

Usajili wa jina la biashara haukupi haki ya kumzuia mwingine kulitumia kwenye bidhaa. Hiyo ni kazi ya alama ya biashara, inayosajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya alama za biashara na hataza, kwa miaka 10 na kuhuishwa. Unaomba kwa daraja la bidhaa: peremende ni daraja la 30, achari 29, juisi 32. Na hapa majina kama "Mabuyu Matamu" huanguka, kwa sababu yanaeleza bidhaa yenyewe, na kila muuzaji ana haki ya kusema mabuyu yake ni matamu. Kidoko halielezi kitu kilichomo ndani ya pakiti, kwa hiyo lina nafasi.

Stika za kwanza tulichapa 200 tu. Niliacha nafasi pana kati ya herufi, na K ya mwanzo niliikata kubwa ili isibanduke. Kisha tukagundua kwamba ikibanduka, kinachobaki ni "idoko", na hilo kwetu halina maana yoyote. Mama akalipa.