SOMO: Mpira mwekundu kwenye majani, na kwa nini mbwa wako anaupita

Kila wiki naulizwa kama mbwa anayeupita mpira ni kipofu. Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

1. Elewa rangi. Jicho letu lina aina tatu za chembe za kupokea rangi, la mbwa lina mbili. Bluu na njano anazitofautisha vizuri. Nyekundu na kijani kwake zinakaribiana, kama njano iliyochafuka au kahawia.

2. Nunua mpira wa bluu.

3. Ujaribu palepale mnapochezea. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilichagua mwekundu kwa sababu MIMI niliuona haraka. Ukidunda, mbwa aliufuata vizuri. Ukitulia tu kwenye ukoka, anaupita hatua mbili, kisha anazunguka pua ikiwa chini. Nikamgombeza wiki mbili nikidhani ni ukaidi, mpaka akawa nikiinua mkono hakimbii. Nilipoleta wa bluu, uwanja uleule, akaenda moja kwa moja. Tahadhari: mpira wa tenisi haukusaidii sana, maana majani nayo anayaona ya manjano-manjano. Kwenye majani makavu ndiyo kabisa.

4. Tumia mwendo. Mbwa haoni kwa ukali kama sisi: unachokitambua ukiwa mita 23, yeye inabidi asogee hadi mita 6 hivi. Lakini kinachosogea anakidaka upesi. Kwa hiyo akiwa mbali, ishara ya "kaa" itoe kwa mkono mzima, uupeleke nje ya kiwiliwili. Kidole mbele ya kifua hakionekani.

MASWALI

— Mkuu, sasa ninunue rangi gani?
Hatua ya 2.

— Wangu mwekundu anaupata kila siku. Hii siyo kweli.
Anaupata kwa pua. Mzibe macho, weka mpira mpya ambao hajaushika, upepo ukitoka kwake kwenda kwenye mpira. Mwachie, uhesabu sekunde. Rudia na wa bluu, mara kumi kila rangi, ukibadilisha mahali. Halafu tubishane.

— Samahani kaka, jioni huwa tunacheza giza likiingia. Bluu bado inafaa?
Swali zuri, dada. Mwanga ukipungua chembe za rangi karibu zinalala, kinachobaki ni weusi na weupe. Chukua mpira mweupe. Giza lenyewe halimsumbui sana: nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga ndani upokelewe mara ya pili, ndiyo maana macho yanang'aa ukimmulika tochi. Ila mwanga huo ukirudi hutawanyika kidogo, picha inapoteza ukali.

— Biskuti ikiangukia karibu na pua haioni, anahangaika tu. Ni uzee?
Mtoto wa mbwa naye yuko hivyo. Karibu sana na uso, kama sentimita 30, hawezi kuikaza picha, kwa hiyo ananusa. Isukume kidogo kwa kidole, ataikamata. Ila akianza kugonga viti, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.